Barua kwa Mwajiri Ukiwa na Miaka Hamsini na Zaidi

*Nimetunza stoo ya hoteli hapa Malindi tangu 1998, na sasa ninaomba kazi katika stoo ya dawa ya hospitali binafsi. Niliandika: "Ingawa umri umesonga, bado nina nguvu na ninajifunza upesi." Sijajibiwa. Nimekosea wapi?* — Bi. M., Malindi

Dada, sentensi hiyo imejitetea kabla hujashtakiwa, na nguvu ni jambo ambalo kila muombaji hujisifia. Anayepanga maombi anataka kujua kama umeshafanya kazi inayofanana na yake, na wewe umeifanya. Ningeandika hivi:

"Ninapokea bidhaa zinazoharibika, ninalinganisha mzigo na oda pamoja na ankara kabla ya kutia sahihi, na ninatoa kwanza zile zinazokaribia tarehe ya mwisho. Joto la friji ninalirekodi asubuhi na jioni. Kila mwisho wa mwezi ninahesabu stoo na kueleza kwa maandishi kila upungufu. Sijawahi kutunza dawa, hivyo nitahitaji kuelekezwa majina yake na utaratibu wa zile zinazodhibitiwa kisheria."

Andika yale tu unayoyafanya kweli, kwa sababu chanjo na insulini hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na bila shaka utaulizwa hatua unazochukua friji inapozima usiku. Ongeza pia jinsi unavyopunguza oda kabla ya masika, wageni wanapoadimika, ili bidhaa zisiozee rafuni. Uamuzi wa namna hiyo unaonyesha ukomavu wako kuliko idadi ya miaka, ambayo itaonekana yenyewe katika wasifu. Upungufu wako utaje mara moja tu, bila kuomba radhi.

*Je, niandike tarehe ya kuzaliwa?* — Msomaji, Lamu

Ikiwa haikuombwa, iache. Ikiombwa, iandike ilivyo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, lakini kuinukuu katika barua ya kwanza ni kufungua kesi na mtu ambaye hajakukosea. Kwa kazi za serikali, kumbuka kwamba umri wa kustaafu kwa kawaida ni miaka 60, kwa hiyo soma masharti ya mkataba kwanza.

*Mwajiri amenijibu kwamba uzoefu wangu unazidi nafasi yenyewe. Nimwambie nini?* — Mzee K., Malindi

Mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna hofu mbili: kwamba mshahara hautakutosha, na kwamba hutakubali kuongozwa na kijana. Zijibu zote mbili bila kuzitaja kama hofu: "Mshahara mliotangaza ninaukubali. Nitafanya kazi chini ya msimamizi mtakayemteua." Ikiwa mshahara haukutangazwa, uliza kiwango chake kabla ya kukubali, na ikiwa hukiwezi, sema hivyo mapema, mzee wangu, kuliko kukubali leo na kuanza kulalamika mwezi wa pili.