Shusha rezolusheni ya skrini kabla ya kurekodi video ya mafunzo

Malalamiko ya kwamba maandishi kwenye video ya mafunzo hayasomeki mara nyingi hutupiwa programu ya kurekodia. Kwa kawaida kosa limeshafanyika kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa: skrini ilikuwa na pikseli nyingi kuliko zile zitakazomfikia mtazamaji.

Chukua skrini ya 2560x1440 yenye ukuzaji wa 100%. Maandishi ya kawaida ya menyu za Windows hapo yana ukubwa wa pikseli 12, na herufi fupi kama e hupata takriban nusu yake, yaani safu 6 za pikseli. Sasa itazame e yenyewe: ina mistari mitatu ya kulala na uwazi mara mbili katikati, hivyo inahitaji walau safu 5 ili isifanane na c au o. Mtazamaji akiifungua video hiyo kwa 720p, picha hupunguzwa nusu na zile safu 6 zinabaki 3. Tundu la e limeziba, na hakuna kinoleo cha picha kitakachorudisha kilichokwisha kupotea. Skrini ikiwekwa 1280x720 tangu mwanzo, mtazamaji huyohuyo anapata safu zote 6.

Kwenye Windows, fungua Settings, kisha System, kisha Display. Chagua 1280x720 kwenye Display resolution, na Scale iwe 100%. Bonyeza Keep changes haraka, maana usipothibitisha ndani ya sekunde chache skrini hurudi ilivyokuwa. Kwenye Linux inayotumia X11, amri ni moja tu. Badilisha HDMI-1 kwa jina la skrini yako, ambalo utaliona ukiandika `xrandr` peke yake:

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1280x720
```

Baada ya hapo skrini yako mwenyewe itaonekana na ukungu. Hilo lisikutishe. Skrini ya 1920x1080 inalazimika kuitandaza kila pikseli ya picha juu ya pikseli moja na nusu za kioo, ndiyo maana kingo zinafifia. Programu ya kurekodi huichukua picha kabla haijatandazwa kwenye kioo, kwa hiyo faili hutoka safi. Pima kwa faili, usipime kwa macho wakati wa kurekodi.

Wengi hukwama kwenye programu ya kurekodi ya OBS. Ukishusha skrini lakini ukaacha Base (Canvas) Resolution ikiwa 2560x1440, picha itakaa kwenye kona moja na kwingine kote kutakuwa kweusi. Kishawishi ni kuivuta kwa kipanya mpaka ijae, na ukifanya hivyo umeharibu kazi yote, kwa sababu picha inakuzwa halafu inapunguzwa tena. Nenda Settings, kisha Video, uweke Base na Output (Scaled) Resolution zote 1280x720. Kisha chagua chanzo cha skrini na ubonyeze Ctrl+R ili kirudi kwenye ukubwa wake halisi. Mradi kwenye programu ya kuhariri nao uwe na vipimo hivyohivyo.

Tatizo la 1280x720 ni nafasi. Madirisha marefu ya mipangilio hukatika, na kitufe cha OK kinaweza kujificha chini ya skrini. Bonyeza Alt+Space, kisha M, halafu usogeze dirisha kwa mishale. Kama programu unayoifundisha ina madirisha mengi ya namna hiyo, tumia 1920x1080 kwa Scale ya 125%, na ukubali kwamba wanaotazama kwa 480p watapata shida kusoma maandishi madogo. Scale ya 150% kwenye 1920x1080 inakupa nafasi ileile ya 1280x720, ila programu za zamani zisizoufuata ukuzaji wa Windows hukuzwa kama picha tu, na maandishi yake hutoka na ukungu hata kwenye faili.

Mwenye skrini ya 3840x2160 achague 1920x1080, ambayo ni nusu kamili, kwa Scale hiyohiyo ya 125%. Kompyuta mpakato ya 1366x768 nayo ishushwe hadi 1280x720. Tofauti inaonekana ndogo, lakini video ya 1366 ikibanwa kuwa 1280 kila herufi huguswa.

Kabla ya somo zima, rekodi sekunde 10 dirisha lenye maandishi madogo kuliko yote likiwa wazi, uhamishie faili kwenye simu na uisome bila kukuza. Maandishi meusi yakisomeka lakini mekundu yaliyo juu ya buluu yakatapakaa, rezolusheni haina kosa: video nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, na mwangaza tu ndio hubaki kamili. Badilisha mandhari ya programu yawe na maandishi meusi juu ya nyeupe, au meupe juu ya nyeusi, kisha urudie jaribio.