Kabla hujafunga mizigo, angalia ghala

"Wazazi wangu wanalima mahindi. Nibaki kwenye kilimo biashara au nihamie mjini nitafute kazi nyingine?"

Ndugu, jaribu kwanza kazi iliyo kati ya shamba na soko: kukagua na kuhifadhi nafaka. Mahindi yakifungiwa gunia na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi, huota ukungu, na mnunuzi mkubwa huyakataa. Anza na ya nyumbani: tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isiponata, usishangilie bado, kujua kama umeshuka hadi 13 kunahitaji kipima unyevu cha umeme. Ukiipenda kazi hiyo, isomee, maana hata maghala ya mjini huajiri watu wa kazi hiyo. Ikikuchosha (wapo wengi inaowachosha), nenda tu mjini.