Alerti ya stoki kwa depo

«Tuliweka alerti kwa mifuko 100 kwa kila kitu, simu zinalia siku muzima na batu ya depo banazizarau. Tuweke ngapi?»

Namba moja kwa vitu vyote haiwezi. Unga yenu kama inatoka mifuko 20 kwa siku na kamio ya Kasumbalesa inachukua siku 4, njo 80, ongeza siku 2 za mupaka, 120. Chumvi yenye inatoka 3 tu, 18 inatosha, ile 100 kwa chumvi njo inawapigia kelele. Na muhesabie pia komande yenye iko njiani, juu mukiisha komanda alerti haina kazi tena.

— Lakini kamio ikikwama mupaka, sistemi itanyamaza na depo itabakia mutupu?

— Ndiyo, weka alerti ingine kwa stoki yenye iko ndani kabisa, kwa unga 40, njo siku 2.