Jibu: Kichujio cha madai kwenye posti za afya

"Orodha yangu ina 'inaponya' na 'inatibu', lakini 'huponya' inapita hadi kwa mwidhinishaji. Nifanyeje?"

Habari ndugu. Tafuta mzizi, kwa sababu viambishi hubadilika. Kama maandishi ya posti yapo kwenye seli B2 ya Google Sheets, weka kwenye seli nyingine:

```
=REGEXMATCH(SUBSTITUTE(LOWER(B2),"katibu",""),"pon[aey]|tib[ui]")
```

"Asali ya Tabora hutibu vidonda vya tumbo" itatoa TRUE. "Katibu" nimeliondoa makusudi, la sivyo kila tangazo la kikao linalomtaja katibu litanaswa. "Matibabu" hainaswi.

TRUE isifute posti, iipeleke kwa mtu: "haiponyi" nayo hunaswa, ingawa ni onyo halali. Angalia kwanza picha, maana fomula haisomi maneno yaliyomo ndani yake. Nakili maneno hayo B2. Maandishi yakibadilishwa baada ya idhini, idhini ifutwe.