Mteja akilipa kwa awamu nne, muuzaji anabaki na ngapi?

Nauza magauni ya kitenge mtandaoni hapa Marekani. Swali ninaloulizwa sana na wenzangu wanaoanza ni hili: mteja akichagua Afterpay, kampuni inayomruhusu kulipa kwa awamu nne, je, na mimi nitasubiri wiki sita kupata hela yangu? Hapana, husubiri. Anayelipa kidogokidogo ni mteja, na deni lake ni la Afterpay, halikuhusu.

Tuseme oda ni dola 120: gauni 104, usafirishaji 8, kodi ya mauzo 8. Kwenye ukurasa wa kulipia mteja anachagua Afterpay, anaingiza namba ya simu na kadi, na kampuni inamkubali au kumkataa papo hapo. Akikubaliwa anakatwa dola 30 siku hiyohiyo, kisha 30 nyingine kila baada ya wiki mbili, mara tatu. Riba hakuna, ila akichelewa anaweza kupigwa faini.

Wewe unalipwa yote kwa mkupuo, kasoro ada. Kwa anayepokea malipo kupitia kampuni ya Stripe hapa Marekani, ada ni asilimia 6 ya oda na senti 30 juu yake. Hiyo ni dola 7.50, kwa hiyo zinaingia 112.50 pamoja na mauzo yako mengine. Angelipa kwa kadi ya kawaida, ungekatwa asilimia 2.9 na senti 30, yaani 3.78 tu.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapigwa bila kujua. Ada inakatwa kwenye dola 120 nzima, wakati kodi ni ya serikali na usafirishaji ni wa posta. Ukishawapa chao, gauni la 104 limekuachia 96.50. Asilimia 6 imeshapita 7. Kama faida yako kwenye gauni ni dola 15, nusu imekwenda. Na usifikirie kumwongezea bei anayelipa kwa awamu peke yake. Mikataba ya kampuni hizi kwa kawaida inakataza. Mimi nimeibakiza Afterpay kwenye magauni, nikaiondoa kwenye vitu vya bei ndogo kama vilemba.

Mteja asipomaliza deni, hasara ni ya Afterpay. Lakini akidai mzigo haukufika, kesi ni yako, kwa hiyo tunza namba ya ufuatiliaji.

Akirudisha gauni, rudisha pesa kupitia mfumo uleule aliolipia. Hapo awamu zilizobaki zinafutwa na alichokwisha kulipa kinarudi kwake. Ukimtumia kwa Zelle kwa kumwonea huruma, Afterpay haina habari: itaendelea kumkata, na yeye atakupigia wewe. Ile 7.50 lakini ihesabu imekwenda, kwa sababu Stripe hairudishi ada ya mauzo yaliyobatilishwa.