Alama au namba? Namna ya kuandika toni za pinyin

Wanaoanza Kichina huniuliza sana kama, katika pinyin, yaani Kichina kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, waandike mǎi au mai3. Jibu langu linategemea unaandika wapi: kwa mkono weka alama, kwenye kibodi weka namba. Usichoruhusiwa ni kuandika "mai" tupu. 买 (mǎi) ni kununua, 卖 (mài) ni kuuza. Mfanyabiashara aliyerudi kutoka Guangzhou na daftari lenye "wo yao mai" hawezi kujua tena kama aliandika "nataka kununua" au "nataka kuuza".

Alama nazipendelea kwenye karatasi kwa sababu zinachora njia ya sauti. Toni ya kwanza ni mstari uliolala juu, ya pili inapanda, ya tatu inazama, ya nne inashuka kwa nguvu. Namba huja mwisho wa silabi, na hilo lina athari unapoanza kusoma kwa sauti. Msikilize anayesoma mai3: mara nyingi atatamka "mai" bapa, jicho lifike kwenye 3, kisha arudie. Akisoma mǎi, alama iko juu ya irabu anayoitamka, hivyo toni inaingia pamoja na neno. Sisi wa Kiswahili tunahitaji msaada huo zaidi, maana tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tusipozuiwa tunauhamishia huko kila neno la Kichina.

Kinachowachanganya wengi ni alama ikae juu ya irabu ipi. Kanuni ni fupi: penye a au e, alama inakaa hapo, penye ou, inakaa juu ya o, kwingineko inakaa juu ya irabu ya mwisho. Ndiyo maana tunaandika hǎo, dōu, guì na liù.

Kwenye kibodi kanuni hiyo haikuhusu, na hapo ndipo namba zinapofaa. Ukiandika mai3 kwenye kamusi ya Pleco, yale ya mai4 yanakaa pembeni na unafika haraka kwenye 买. Toni hafifu, kama ya ma mwishoni mwa swali, kwa kawaida huandikwa 5. Angalia ü tu: kwenye kibodi nyingi inaandikwa kwa v, kwa kuwa pinyin haitumii v kwa kazi nyingine. Rangi ya kijani, 绿, ni lv4. Ukiandika lu4 utaletewa 路, barabara.

Iwe alama au namba, andika toni ya kamusi. 你好 andika nǐ hǎo, ingawa mdomoni toni ya tatu ya kwanza inageuka kuwa ya pili. Ukiandika "ní" kwa kufuata sikio, kesho utalitafuta neno pasipo nalo.

Sasa, lini pinyin ishike nafasi ya hanzi, yaani herufi zenyewe za Kichina? Mimi naitumia peke yake ninaponasa neno jipya kwa sikio. Muuzaji ametaja kitu, hujui kinaandikwaje: kamata sauti na toni kwanza, hanzi utaitafuta jioni. Pia naitumia kwenye imla ya toni, ambapo mwalimu anasoma na wewe unaandika ulichosikia, kwa sababu hanzi inaweza kuficha kwamba hukuisikia toni.

Pinyin ninayoipinga ni ile ya kufunika sentensi nzima juu ya hanzi. Jicho litasoma herufi lilizozizoea na kuziruka hanzi, na unaweza kumaliza kitabu bila kuitambua 买 ikiwa peke yake. Weka pinyin juu ya hanzi moja tu inayokukwamisha, hasa zile zenye matamshi mawili. 行 katika 银行, benki, ni háng. Katika 自行车, baiskeli, ni xíng. Hiyo inastahili alama hata kwa mtu aliyeendelea.

Kwenye ujumbe kwa Mchina, tuma hanzi. Simu inakuonyesha 买 na 卖 ukiandika mai tu. Uchague kwa kuangalia kichwa cha hanzi: 卖 ina 十 juu, 买 haina. Lakini kwa kuwa simu haikuulizi toni, unaweza kuandikiana na watu kwa miezi na bado usijue kuitamka 卖. Kwa hiyo kwenye kadi zangu za kukariri, mbele inakaa hanzi peke yake, nyuma pinyin yenye toni, na siigeuzi kabla sijatamka.

Wanaofanya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, katika mfumo wake wenye ngazi sita, waanze zoezi hilo mapema. Karatasi za ngazi ya 1 na ya 2 zina pinyin juu ya hanzi. Ngazi ya 3 inaiondoa, na kwenye sehemu ya kuandika unapewa pinyin juu ya pengo ili ujaze hanzi mwenyewe.