Maswali na majibu: picha ya maandishi ya Kiarabu kabla ya kuyatafsiri

Mdogo wangu anakwenda kufanya kazi Maskati. Nimepiga picha mkataba wake, tafsiri ya simu inasema mshahara ni riyali 12. Inawezekana kweli?

Itazame kwanza picha yenyewe, ndugu yangu. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta tu, kwa hiyo 120 huandikwa ١٢٠. Nukta hiyo ikimezwa na mwanga au ikaangukia kwenye mkunjo wa karatasi, simu inabaki na ١٢, yaani 12. Ikuze picha mpaka tarakimu zijae kioo, halafu zilinganishe na karatasi moja baada ya nyingine. Nukta ikiwepo kwenye karatasi na kwenye picha haipo, nyoosha karatasi mezani upige upya. Angalia pia 2 na 3: kichwa cha ٢ kina bonde moja, cha ٣ mawili, na mkono ukitikisika kidogo tu huonekana sawa. Kama kiasi kimeandikwa na kwa maneno, tafsiri maneno hayo peke yake uone kama yanakubaliana. Mdogo wako asitie saini kabla ya hapo.

Karatasi imetiwa leminesheni. Kila nikipiga linatokea doa jeupe katikati.

Zima flashi. Taa yake iko ubavuni mwa lenzi, kwa hiyo mwanga ukigonga plastiki unarudi moja kwa moja kwenye picha. Sogea dirishani, mwanga utoke ubavuni, jua lisipige karatasi. Doa likibaki, zungusha karatasi taratibu mpaka lihamie pembezoni. Usiinamishe simu kulikwepa, maana mistari ya upande wa mbali itabanana.

Nikisogeza simu karibu ili herufi ziwe kubwa, zinaingia ukungu.

Lenzi nyingi za simu hazioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Inua simu kama sentimita 30 juu ya karatasi, zumu mara 2, gusa kioo kwenye mstari wenye herufi ndogo kuliko zote, subiri itulie ndipo upige. Kipimo chako kiwe nukta za ت: ukikuza picha lazima uone mbili zilizoachana. Zikiungana kuwa kistari, rudia. Neno حار ni joto na جار ni jirani, na kinachoyatenganisha ni nukta moja chini ya herufi ya kwanza.

Ukimtumia mtu picha hiyo kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa sababu ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na nukta ndizo huharibika mapema.

Na kibao kilicho juu ya mlango wa duka?

Rudi nyuma mpaka simu ikitazame karibu usawa, kisha zumu. Kingo za kibao ziende sambamba na kingo za kioo. Ila vibao vilivyoandikwa kwa hati ya urembo, herufi zimepandishwa juu ya nyingine, simu huvikosea hata picha ikiwa safi. Hapo muulize mwenye duka.